Kirekodi cha Vipimo Kinachohimili Umeme Kukatika: Namna ya Kuandika kwenye Kadi ya Kumbukumbu

Tangi la kupozea maziwa katika kituo cha kukusanyia hutakiwa kuyashusha maziwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi na kuyaweka hapo mpaka gari la kiwandani lifike. Umeme ukikatika usiku, msimamizi wa kituo na mnunuzi wote wawili huhitaji kujua jambo lile lile asubuhi: maziwa yalipanda hadi nyuzi ngapi, kuanzia saa ngapi, na yalikaa hapo kwa muda gani kabla jenereta haijawashwa. Jibu hilo linaweza kutolewa na kifaa kidogo chenye kipimajoto, saa na kadi ya kumbukumbu, kinachoandika kipimo kimoja kila dakika. Ugumu wake ni kwamba tukio ambalo kifaa hiki kinatakiwa kulishuhudia kuliko jingine lolote ndilo hilo hilo linalokizima.

Mtu anayekiunda kwa mara ya kwanza huchukua kibao cha Arduino, moduli ya kadi ya SD, moduli ya saa ya DS3231 na kipimajoto cha DS18B20, kisha huandika programu inayofungua faili, kuongeza mstari mmoja kila dakika na kuliacha faili wazi. Mezani kila kitu huenda sawa. Kikishafungwa kituoni na umeme ukakatika, kadi hutolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta, na faili huonekana likiwa na ukubwa wa baiti 0, ingawa kifaa kilifanya kazi usiku kucha. Wengi hudhani kuwa data haikuandikwa kabisa. Kwa kawaida iliandikwa, na sehemu kubwa yake bado iko ndani ya kadi.

## Kinachopotea hasa

Kadi ya SD haipokei baiti moja moja. Inapokea sekta nzima, na sekta moja ni baiti 512. Kwa hiyo maktaba ya programu, iwe ni `SD` ya Arduino au `SdFat`, hukusanya mistari yako kwenye bafa ya baiti 512 iliyo ndani ya RAM, na bafa ikijaa ndipo sekta hupelekwa kwenye kadi. Mstari wa herufi 40 unaoandikwa kila dakika huijaza sekta baada ya dakika 12 au 13. Umeme ukikatika katikati, mistari iliyokuwa ikisubiri hupotea pamoja na RAM. Hasara hiyo ni ndogo.

Hasara kubwa iko kwenye hesabu za mfumo wa faili. Katika FAT32, kila faili lina kumbukumbu ya baiti 32 ndani ya saraka, na humo ndimo yalimo jina lake, mahali linapoanzia na ukubwa wake. Sambamba na hiyo liko jedwali la FAT, linaloonyesha fungu gani la sekta linafuata fungu gani. Programu inapoongeza data, sekta za data huenda kwenye kadi kwanza, lakini ukubwa wa faili ndani ya saraka haubadilishwi mpaka programu iite `flush()`, `sync()` au `close()`. Hali hiyo ni kama magunia yaliyokwisha kuingia stoo huku karani hajaandika chochote kwenye leja: mali ipo, lakini kwa anayesoma leja stoo ni tupu. Ndiyo maana `chkdsk` ya Windows ikipitishwa kwenye kadi ya namna hiyo hupata mafungu yasiyo na mwenyewe na kuyahifadhi kwa majina kama `FILE0000.CHK`, na ukiyafungua unakuta vipimo vyako.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuita `flush()` baada ya kila mstari. Ushauri huo unasaidia, na kwa kifaa cha majaribio unatosha, lakini una gharama isiyoonekana. Kwa kila kipimo kimoja, kadi sasa inaandikwa sekta ya data, kisha sekta ya saraka, na mara kwa mara jedwali la FAT pamoja na nakala yake. Sekta ile ile ya saraka huandikwa upya mara 1,440 kwa siku, na kila mara kuna kitambo kifupi ambacho umeme ukikatika, kinachoharibika si kipimo cha dakika hiyo bali kumbukumbu ya faili zima, na pengine ya mafaili mengine yaliyo jirani nalo katika sekta hiyo. Njia bora ni kupanga mambo ili hesabu za mfumo wa faili zisihitaji kuguswa wakati wa kazi ya kawaida.

## Faili lililotengewa nafasi mapema

Maktaba ya `SdFat` ina amri ya `preAllocate()`, inayotenga nafasi ya faili zima kwa mkupuo, katika mafungu yanayofuatana, na kuandika ukubwa wake kamili kwenye saraka siku ile faili linapoundwa. Baada ya hapo kuandika kipimo ni kubadilisha sekta moja iliyo ndani ya nafasi hiyo. Saraka haibadiliki, wala jedwali la FAT. Ni lazima tu usiipe maktaba kazi ya kuweka tarehe ya faili kupitia `dateTimeCallback`, kwa kuwa ukifanya hivyo itarudi kuandika saraka kila unapoita `sync()`, na faida yote itakuwa imepotea. Kadi nayo iwe ya FAT32, maana exFAT ina utaratibu tofauti wa kuhesabu sehemu ya faili iliyokwisha kujazwa.

Sasa swali ni kiasi gani cha nafasi kitengwe, na hapa napendekeza ubadhirifu wa makusudi: kipimo kimoja kichukue sekta nzima, hata kama kina herufi 50 tu. Mwezi wa siku 31 una dakika 44,640, hivyo faili la mwezi linakuwa karibu megabaiti 23, na mwaka mzima hautimizi megabaiti 280. Kadi ndogo kabisa ya gigabaiti 4 itachukua zaidi ya miaka 10 kujaa. Kinachopatikana kwa ubadhirifu huo ni kwamba hakuna kipimo kinachosubiri ndani ya RAM, na programu haiandiki tena juu ya sekta yenye kipimo cha zamani.

Maandishi ndani ya sekta yawe ya kawaida, yanayosomeka kwa macho, kwa sababu siku ya matatizo mtu atataka kuyaona bila programu maalumu. Mpangilio ninaoupendelea ni huu: kitambulisho cha faili, namba ya mfuatano, namba ya kuwashwa, tarehe na saa, alama ya hali ya saa, na nyuzi joto. Nafasi inayobaki hujazwa kwa herufi tupu, kisha mwishoni huwekwa tarakimu nne za namba ya ukaguzi ya CRC-16, na baiti mbili za mwisho ni za kumaliza mstari. Sehemu yenye maana huonekana hivi:

```
7F2A01C4,0012410,031,2025-03-09 22:31:00,0,4.12
7F2A01C4,0012411,031,2025-03-09 22:32:00,0,4.19
7F2A01C4,0012412,032,2025-03-10 00:07:00,0,6.94
7F2A01C4,0012413,032,2025-03-10 00:08:00,0,6.88
```

Mistari hii minne inasema mengi. Namba ya mfuatano haikuruka, kwa hiyo hakuna kipimo kilichoandikwa kikapotea. Namba ya kuwashwa imebadilika kutoka 031 hadi 032, kwa hiyo kifaa kilizimika na kuwaka upya. Kati ya mstari wa pili na wa tatu zimepita dakika 95, na joto limepanda kwa karibu nyuzi 2.75. Kama namba ya mfuatano ingeruka huku namba ya kuwashwa ikibaki ile ile, tatizo lingekuwa kwenye kadi au waya zake, wala si kwenye umeme. Bila namba hizo mbili, pengo katika rekodi ni pengo tu, na kila mtu atalieleza anavyopenda. Wanaosoma rekodi kituoni wakumbushwe pia kwamba kifaa kinahesabu saa kuanzia usiku wa manane, hivyo 22:31 ni saa nne na dakika thelathini na moja usiku.

Kitambulisho cha mwanzoni kina sababu isiyoonekana haraka. Amri ya `preAllocate()` hutenga nafasi bila kuifuta. Kama nafasi hiyo ilikuwa ya faili la zamani lililofutwa, sekta zake bado zimejaa vipimo vya zamani, vyenye CRC sahihi na namba za mfuatano zinazolingana vizuri kabisa na mahali zilipo. Programu itaviona na kuamini kuwa faili jipya limeshajaa, au msomaji ataletewa vipimo vya majaribio ya mezani akidhani ni vya kituoni. Kwa hiyo kila faili lipewe kitambulisho chake linapoundwa, kwa mfano idadi ya sekunde za saa ya wakati huo, na sekta ya kwanza kabisa iwe kichwa cha faili kinachokitangaza. Sekta isiyo na kitambulisho hicho ihesabiwe kuwa tupu.

Kuunda faili la mwezi mpya ndiyo kazi pekee inayogusa saraka na jedwali la FAT, kwa hiyo ifanywe kwa utaratibu unaoweza kukatizwa popote. Faili huundwa kwanza kwa jina la muda, tuseme `MPYA.TMP`, hutengewa nafasi, huandikiwa kichwa, na mwisho kabisa ndipo hupewa jina lake halisi kama `2025-04.LOG`. Kifaa kikiwaka na kukuta `MPYA.TMP`, kinajua kwamba kazi hiyo haikukamilika, hivyo kinalifuta na kuanza upya.

## Mahali ambapo programu haiwezi kusaidia

Mpaka hapa tumeilinda kadi dhidi ya programu yetu wenyewe. Bado kuna jambo moja ambalo hakuna mpangilio wa faili unaoweza kulitatua. Ndani ya kadi ya SD kuna kidhibiti chake chenyewe, na kumbukumbu ya flashi kinayoisimamia haifutwi kwa sekta za baiti 512 bali kwa vitalu vikubwa zaidi. Unapoituma sekta moja, kidhibiti kinaweza kulazimika kuhamisha data nyingine ya zamani ili kupata nafasi, na pia kuandika upya majedwali yake ya ndani. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, sekta ambazo hukuzigusa kabisa zinaweza kuharibika, na mara nyingine kadi nzima hukataa kutambuliwa. Kadi iliyokufa kwa namna hii haiponi kwa kufomatiwa. Dawa yake ni moja: maandishi yaliyokwisha kuanza lazima yapewe umeme wa kutosha kumalizika.

Kiasi cha umeme huo kinaweza kuhesabiwa. Viwango vya SD vinairuhusu kadi ya SDHC kushughulika hadi milisekunde 250 kwa kuandika mara moja. Mara nyingi humaliza ndani ya milisekunde chache, lakini mara moja moja hukawia sana, na ni lazima kuhesabia siku hiyo. Tuchukue mkondo wa miliampia 100 kwa volti 3.3 kwa muda wote huo: 3.3 × 0.1 × 0.25 ni jouli 0.083. Moduli ya kushusha volti hupoteza sehemu ya nishati, na tukikadiria kuwa inafikisha asilimia 80, tunahitaji kuwa na akiba ya jouli 0.103.

Akiba hiyo huwekwa kwenye kapasita, na mahali pa kuiweka kapasita ndipo wengi hukosea. Ukiiweka upande wa volti 3.3, kadi inaweza kuvumilia kushuka mpaka volti 2.7 tu, yaani volti 0.6, na hesabu inadai zaidi ya maikrofaradi 40,000. Zipo kapasita kubwa za umbo la sarafu za volti 5.5 ambazo zinaonekana kuwa suluhisho, lakini nyingi kati yake zina ukinzani wa ndani wa makumi ya omu, na mkondo wa miliampia 100 ukipita kwenye omu 30 tu tayari volti 3 zimepotea. Nishati ya kapasita hukua kwa mraba wa volti, kwa hiyo mahali pazuri ni upande wa volti 12, kabla ya moduli ya kushusha. Mpangilio unakuwa hivi: adapta ya volti 12, kisha daiodi ya Schottky kama 1N5819, kisha kapasita ya volti 25, kisha moduli ya kushusha hadi 3.3, na baada yake kibao cha Arduino Pro Mini cha volti 3.3 na megahezi 8 pamoja na kadi. Daiodi inazuia akiba isirudi nyuma kwenye adapta. Kibao cha volti 3.3 kinafaa kwa sababu mikrokontrola yake, ATmega328P, hufanya kazi hadi volti 2.7 kwa mwendo huo, kiwango kile kile cha kadi, na haihitaji vibadilisha volti kati yake na kadi.

Kabla ya daiodi, weka rezista ya kiloomu 33 kuelekea pini A0 na ya kiloomu 10 kutoka A0 hadi ardhini. Volti 12 zitaonekana kama 2.79 na volti 10 kama 2.33, ambazo `analogRead()` huzisoma kama 721. Sasa kanuni ya programu inakuwa rahisi mno: usianze kuandika kama volti za kuingia ziko chini ya 10.

```cpp
bool andika() {
  if (analogRead(A0) < 721) return false;
  return f.write(sekta, 512) == 512 && f.sync();
}
```

Angalia kwamba hapa hakuna haja ya kugundua kukatika kwa umeme papo hapo wala kukimbilia kufunga faili. Maandishi yoyote yanayoanza yanaanza huku akiba ya kuyamaliza ikiwa imehakikishwa, na yasiyoanza hayadhuru kitu. Naipenda kanuni hii kuliko ile ya ukatizaji wa dharura, kwa sababu ile ya dharura huijaribu programu katika sekunde mbaya kuliko zote, huku hii ikifanya kazi ile ile kila dakika, umeme uwepo au usiwepo.

Ukubwa wa kapasita uhesabiwe kwa hali mbaya, wala si kwa volti 12. Mtu akichomoa plagi ya adapta ukutani, adapta yenyewe ina kapasita zake, hivyo volti hushuka polepole na kapasita yetu hushuka pamoja nazo. Katika hali hiyo maandishi yanaweza kuanza wakati volti za kuingia ni 10 kamili, na kwenye kapasita, baada ya daiodi, zimebaki kama 9.7. Tuseme moduli ya kushusha hufanya kazi vizuri mpaka volti 6. Kapasita ya maikrofaradi 4,700 inatoa nusu ya 0.0047 ikizidishwa kwa tofauti ya mraba wa 9.7 na mraba wa 6, yaani jouli 0.137. Inatosha. Lakini kapasita za aina hii huruhusiwa kupungua kwa asilimia 20 kutoka thamani iliyoandikwa, na kwa maikrofaradi 3,760 tunabaki na jouli 0.109, karibu sawa na mahitaji. Kapasita hizo huendelea kudhoofika kwa joto na umri. Kwa hiyo ziwekwe mbili sambamba, na suala hilo liishe.

Baada ya hapo mikrokontrola isiachwe ihangaike volti zinapomalizika. Iwekwe kizuizi chake cha volti ndogo kwenye kiwango cha 2.7, ambacho vibao vya Pro Mini vya volti 3.3 kwa kawaida huja nacho, ili izime moja kwa moja badala ya kuendelea kutuma amri zisizoeleweka kwenye kadi inayokufa.

## Saa, na ile dakika ya kwanza baada ya kuwaka

Moduli ya DS3231 ina betri yake ndogo ya CR2032, na kati ya nyuzi 0 na 40 kosa lake halizidi sehemu 2 kwa milioni, sawa na kama dakika moja kwa mwaka. Kwa rekodi ya dakika kwa dakika hilo linatosha kabisa. Moduli za bei nafuu zilizoandikwa ZS-042 zina saketi ya kuchaji betri, ambayo haifai kwa CR2032 isiyochajika. Ziendeshwe kwa volti 3.3, na ikiwezekana rezista ya kuchajia iondolewe.

Kosa kubwa kuhusu saa liko kwenye programu za mifano zinazonakiliwa kila mahali. Nyingi zina mstari wa `rtc.adjust(DateTime(F(__DATE__), F(__TIME__)))` ndani ya `setup()`, bila sharti lolote. Mstari huo huirudisha saa kwenye wakati ambao programu ilitengenezwa, na hufanya hivyo kila kifaa kinapowaka. Mezani huoni kitu, kwa kuwa programu imetoka kutengenezwa. Kituoni, kila umeme unaporudi kifaa hurudi tarehe ile ile ya siku ya kufungwa. Dalili yake haikosekani: baada ya kila badiliko la namba ya kuwashwa, tarehe inaanza upya mahali pale pale. Saa irekebishwe kwa programu ya pembeni inayopakiwa mara moja tu, na programu ya kazi iishie kuuliza `rtc.lostPower()`. Jibu likiwa ndiyo, betri ya saa iliisha au ilichomolewa, na alama ya hali ya saa katika kila kipimo iwe 1 mpaka mtu aje kuirekebisha. Kipimo chenye saa isiyoaminika bado kina thamani, kwa sababu namba ya mfuatano inatunza mpangilio wake. Kisichofaa ni kukichanganya na vingine bila alama.

Kipimajoto cha DS18B20 nacho kina tabia yake ya kuwaka. Kabla ya kufanya kipimo cha kwanza, thamani iliyo ndani yake ni nyuzi 85, na kipimo cha biti 12 huchukua hadi milisekunde 750. Ukisoma mapema, rekodi itakuwa na 85.00 mara tu baada ya kila umeme kurudi, na asiyejua atadhani maziwa yalichemka. Subiri kipimo kikamilike, na cha kwanza baada ya kuwaka kitupe. Ukiona −127, waya umekatika au plagi imelegea, kwa kuwa hiyo ndiyo namba ambayo maktaba ya `DallasTemperature` hurudisha isipopata jibu.

Kilichobaki ni kifaa kujua kiendelee kuandika wapi. Kwa kuwa vipimo vimejazwa kwa mfuatano tangu mwanzo wa faili, mpaka kati ya sekta zilizojaa na zilizo tupu unaweza kutafutwa kwa kugawa katikati: soma sekta ya katikati, kama ni halali mpaka uko mbele, kama si halali uko nyuma, na kadhalika. Kwa sekta 44,641 kazi hiyo humalizika kwa kusoma mara 16. Sekta ni halali ikiwa CRC yake ni sahihi, kitambulisho ni cha faili hili, na namba ya mfuatano ni sawa na mahali ilipo. Kuna hatari moja hapa ambayo ni lazima izibwe. Kama utafutaji utaangukia sekta moja iliyoharibika katikati ya nzima, kifaa kitaamini kuwa mwisho uko nyuma na kuanza kuandika juu ya vipimo vya siku kadhaa. Kwa hiyo sekta isiyo halali isihukumiwe peke yake: soma nyingine nane zinazoifuata, na kama hata moja ni halali, endelea mbele. Ukipata kipimo cha mwisho, namba yake ya kuwashwa ikiongezwa moja ndiyo ya sasa.

Kwenye kompyuta, vipimo huchujwa kwa kanuni zile zile:

```python
import binascii
with open("2025-03.LOG", "rb") as f:
    kit = f.read(8)
    f.seek(0)
    for n, s in enumerate(iter(lambda: f.read(512), b"")):
        crc = b"%04X" % binascii.crc_hqx(s[:506], 0)
        if s[506:510] == crc and s[:8] == kit and int(s[9:16]) == n:
            print(s[:506].decode().rstrip())
```

Upande wa Arduino, namba inayolingana na hii hupatikana kwa `_crc_xmodem_update()` ya `util/crc16.h`, kwa kuanzia na 0, juu ya baiti 506 za mwanzo.

## Kukijaribu

Kifaa cha namna hii hakithibitishwi kwa kuchomoa plagi mara mbili tatu, kwa sababu muda ambao kadi inaandika ni sehemu ndogo sana ya kila dakika na mkono hauwezi kuulenga. Chukua kibao cha pili chenye rilei, kikate umeme wa volti 12 kwa nyakati za kubahatisha, na wakati wa jaribio punguza nafasi kati ya vipimo kutoka dakika moja hadi sekunde moja ili maandishi yawe mengi. Rilei ikae kati ya adapta na kifaa kwa sehemu ya jaribio, kisha ihamishiwe upande wa ukutani, kwa kuwa volti hushuka ghafla katika hali ya kwanza na polepole katika ya pili, na kifaa lazima kivumilie zote mbili. Programu ya jaribio ipime pia kwa `micros()` muda wa kila maandishi na kuutunza ule mrefu zaidi. Kadi inayozidi milisekunde 250 iwekwe kando. Vivyo hivyo kadi bandia, zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 32 na kuwa na chache tu, zichujwe mapema kwa programu kama `H2testw` au `f3`.

Acha jaribio liende usiku kucha, kisha pitisha faili kwenye kichujio cha hapo juu. Matokeo yanayokubalika ni namba za mfuatano zisizo na pengo hata moja kutoka 0 hadi mwisho, na namba ya kuwashwa inayolingana na hesabu ya rilei, ikipungua tu kwa zile mara ambazo umeme ulirudi na kukatika tena kabla kipimo cha kwanza hakijaandikwa. Pengo la sekta moja moja linaloangukia kwenye badiliko la namba ya kuwashwa linaonyesha kuwa akiba ya kapasita haikutosha, au kwamba rezista za A0 zinasoma volti 10 mahali ambapo kweli ni 9. Sekta zilizoharibika mbali na mabadiliko hayo, katikati ya vipimo vilivyoandikwa zamani, zinamaanisha kuwa kidhibiti cha kadi kilikatizwa kikiwa kinahamisha data, na kadi hiyo isiende kituoni hata kama vipimo vilivyopotea ni vichache.

Kifaa kikipita hapo, kinaweza kuulizwa kinachoweza kukijibu: saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, na nyuzi za pande zote mbili. Nyuzi za ndani ya pengo lenyewe hazimo, na kama mnunuzi anazitaka hizo pia, inabidi kuongeza betri ya volti 12 yenye chaja upande wa kuingilia. Hata hivyo kapasita, kanuni ya volti 10 na faili lililotengewa nafasi vibaki kama vilivyo, kwa sababu betri nayo huisha, na huisha wakati umeme umekatika kwa muda mrefu kuliko kawaida.